Miguu ya wachezaji wa mbali inateleza: nitume vigezo vya Animator au nihesabu kasi kwenye simu ya anayetazama?

Kipanga_Dev:
Wakuu, habari za leo. Tunatengeneza mchezo wa ngumi wa watu wanne mtandaoni, na wiki hii lazima nichague njia moja ili mwenzangu anayechora animesheni aendelee na kazi. Njia ya kwanza ni kutuma mahali mchezaji alipo pamoja na vigezo vya animesheni: kasi, ameruka, amepiga. Ya pili ni kutuma mahali tu, kisha kila simu ijihesabie kasi na kuchagua kama mhusika anatembea au anakimbia. Sasa hivi natumia ya kwanza. Mhusika wangu namwona sawa kabisa, lakini wa wenzangu miguu inateleza. Ipi bora?

Mjomba_Seva:
Mkuu, hapo hujatupa kitu cha kufanyia kazi. Injini gani? Data inatumwa mara ngapi kwa sekunde? Nani anaamua mahali alipo mhusika, seva au simu ya mchezaji? Na miguu inateleza muda wote, au akianza na akisimama tu? Hilo la mwisho ndilo nalitaka zaidi.

Jahazi07:
Pandisha Tick Rate iwe 60, umemaliza. Mimi kila nikiona miguu inateleza naanzia hapo.

Kipanga_Dev:
Ni Unity, Netcode for GameObjects. NetworkTransform ina Interpolate imewashwa, NetworkAnimator inabeba vigezo, Tick Rate ni 30. Kila simu inamsogeza mhusika wake, seva inaamua nani kaumia. Nimerekodi skrini nikapitia fremu moja moja. Mwenzangu akianza kukimbia, miguu inaanza kwanza na mwili unabaki palepale kama milisekunde 100 hivi. Akisimama, miguu inatulia lakini mwili unaendelea kusogea karibu nusu mita. Katikati ya mbio hakuna shida.

Mjomba_Seva:
Sasa tunaelewana. Mwili na miguu havifuati saa ile ile. NetworkTransform haikuonyeshi mahali papya pale pale panapofika. Inapaweka akiba kidogo ili iwe na sehemu mbili za kuunganisha, vinginevyo mhusika angekuwa anarukaruka. Kwa hiyo mwili unaouona ni wa muda uliopita. Kigezo cha kasi hakipiti kwenye akiba hiyo. Kikifika tu, Animator inakitumia. Mhusika wako akikimbia mita 5 kwa sekunde, milisekunde 100 ni nusu mita, ndiyo hiyo uliyoipima.

Ndugu Jahazi hajakosea kabisa. Kwa 60 akiba inaweza kupungua na kuteleza kukawa kufupi, lakini saa mbili zinabaki mbili, na unatuma data mara mbili zaidi.

Kwa kutembea na kukimbia, chukua njia ya pili. Pima kasi ya mwili unaoonekana, si ya mwili ulioko kwenye seva:

```csharp
if (IsOwner || Time.deltaTime <= 0f) return;
Vector3 hatua = transform.position - kabla;
hatua.y = 0f;
float kasi = hatua.magnitude / Time.deltaTime;
kasiLaini = Mathf.Lerp(kasiLaini, kasi,
    1f - Mathf.Exp(-12f * Time.deltaTime));
animator.SetFloat("Speed", kasiLaini);
kabla = transform.position;
```

Hiyo weka kwenye `LateUpdate`, na kigezo cha Speed kisitumwe tena na NetworkAnimator, la sivyo vitu viwili vitakuwa vinakiandika. Namba 12 ni ya kulainisha. Ukiishusha, miguu inatulia zaidi lakini inachelewa kuitikia. Ukiipandisha, kila mtikisiko wa mtandao utauona miguuni.

Salma_3D:
Mimi nachora animesheni, naomba mnisikilize. Mngetumia mwendo uliomo ndani ya animesheni yenyewe, Apply Root Motion, miguu isingeteleza kamwe. Mwili unaenda pale mguu unapokanyaga.

Mjomba_Seva:
Dada Salma, kwa mhusika wangu mwenyewe nakubali, ikibidi. Kwa mhusika wa mbali hapana. Hapo animesheni inausogeza mwili, na mtandao nao unausogeza. Baada ya sekunde chache animesheni imempeleka sehemu moja, seva inasema yuko kwingine, na anavutwa ghafla. Kwa wa mbali ifunge, mtandao pekee umsogeze.

Salma_3D:
Sawa, lakini bado mtanihitaji. Kama mbio nilizochora hatua zake ni za mita 4 kwa sekunde na nyie mnamkimbiza kwa 5, miguu itateleza muda wote hata mtandao ukiwa safi. Hilo halirekebishwi na seva.

Chura_Mweusi:
Wakuu, mimi yangu ni Unreal, silaha inatetemeka mkononi mwa wachezaji wengine. Nisaidieni, kwa sababu imenitesa. Nilipewa mradi ukiwa umeshafika katikati. Kwenye kompyuta ya mwenye mhusika, rungu limetulia. Kwa wengine, mwili unasogea laini lakini rungu linapigapiga mbele na nyuma. Nikabadilisha Network Smoothing Mode kutoka Exponential kwenda Linear, rungu likabaki vilevile. Nikaongeza kiwango cha kutuma data, likatetemeka haraka zaidi. Mwishowe nikaona aliyenitangulia amelifunga rungu kwenye kapsuli. Unreal inalainisha Mesh tu. Kapsuli inaruka moja kwa moja hadi mahali papya kila data inapofika. Nililihamishia kwenye soketi ya mkono, likatulia.

Kinachonisumbua bado ni kusimama. Animesheni yangu ya kusimama inategemea Acceleration. Kwa mwenye mhusika inakuwa sifuri mara anapoachia kitufe. Kwa wengine haishuki mpaka Velocity yenyewe iishe, kwa hiyo anasimama ghafla.

Mjomba_Seva:
Kwa mchezaji wa mbali, Unreal inajaza Acceleration kwa kufuata mwelekeo wa Velocity, si kwa kitufe alichobonyeza mwenzako. Itume wewe mwenyewe. Mradi wa mfano wa Lyra unafanya hivyo kwa baiti tatu tu, kaangalie.

Jahazi07:
Bado sielewi kwa nini tumwonyeshe mtu wa zamani. Kisieni mbele! Kwenye mchezo wangu wa mashua nachukua kasi ya mwisho naendeleza, na hakuna kuchelewa.

Mjomba_Seva:
Mashua haiwezi kugeuka nyuma ghafla. Bondia anaweza. Ukimkisia mbele milisekunde 100 naye akageuka, utamwonyesha nusu mita upande ambao hakwenda, halafu umrudishe. Michezo ya Source ya Valve ilikuja na `cl_interp 0.1`, yaani sekunde 0.1 nyuma, na risasi zikashughulikiwa kwa seva kurudisha wakati nyuma.

Jahazi07:
Risasi ni risasi. Kwenye ngumi unayemwona si yule unayepigana naye.

Kipanga_Dev:
Mjomba, nimejaribu msimbo wako. Kukimbia kumekaa sawa, kusimama miguu inateleza kidogo sana. Lakini ngumi ndiyo imebaki: mkono unarushwa wakati mwili haujafika.

Mjomba_Seva:
Ngumi ni tukio, haikisiwi kutokana na kasi. Lazima itumwe, ikiwa na muda wa seva. Hapo una njia mbili. Unaisubirisha hadi mwili ufike, basi mkono na miguu vinakubaliana lakini aliyepigwa anapungukiwa afya kabla hajaona ngumi inatua. Au unaianza katikati. Kama animesheni ni sekunde 0.4 na ujumbe umechelewa 0.12:

```csharp
animator.Play("Ngumi", 0, 0.12f / 0.4f);
```

Hapo pigo linatua kwa wakati, ila mwili uko nyuma kidogo. Binafsi nachagua ya pili kwenye ngumi.

Salma_3D:
Ukiruka 0.12 umekata sehemu ya kuvuta mkono, na hiyo ndiyo inamwambia mpinzani akwepe. Heri nirefushe kuvuta mkono iwe sekunde 0.25.

Jahazi07:
Kisha anayepiga aone ngumi yake nzito? Wachezaji watakimbia.

Kipanga_Dev:
Nitazijaribu zote kwa data ya simu, maana Wi-Fi ya ofisini inadanganya. Swali jingine: ule muda wa kuchelewa unabadilika. Niupime upya kila ujumbe, au nitumie wastani?

Chura_Mweusi:
Na mimi niulize, kuna aliyewahi kulainisha kuruka juu? Kwangu anatua, halafu anazama ardhini kidogo.