Ushauri: hatua za kufunga umeme wa konveya, zimepungua nini?

Chumbageni_Boy: Wakuu, habari za mchana. Niko matengenezo, kiwanda kimoja hapa Tanga. Nimeambiwa niandike hatua za kubandika ukutani kabla ya Jumatatu. Nimeandika: 1. Zima. 2. Weka kufuli na lebo. 3. Fanya kazi. Bosi kazirudisha. Zimepungua nini?

MzeeWaKorona: Enzi zetu kwenye korona ya mkonge tulichomoa fyuzi tukatia mfukoni. Lebo za nini?

Fundi_Mkongwe: Na mwenzio akiwa na fyuzi nyingine kabatini, mzee? Kijana, hiyo kufuli unaifunga wapi?

Chumbageni_Boy: Kitufe chekundu cha dharura, kina kifuniko. Swichi kuu iko chumba cha paneli, mbali, na ufunguo anao fundi umeme. Nikimngoja, shifti inaisha.

Mama_Tayari: Mume wangu naye alikuwa na haraka hivyohivyo. Sasa anachana samaki kwa mkono mmoja.

Fundi_Mkongwe: Pole, mama. Kijana, kuna jambo umelificha.

Chumbageni_Boy: Haya. Wiki iliyopita nabadilisha rola, mkanda ukarudi nyuma kama nusu mita. Kufuli ipo, na hakuna aliyewasha. Lakini sikuumia, kwa hiyo kufuli ilifanya kazi.

Kipepeo77: Chai hiyo. Umeme umezimwa, mkanda unatembeaje?

Fundi_Mkongwe: Si lazima iwe chai. Mkanda huo ulikuwa unapanda? Una mzigo?

Chumbageni_Boy: Unapanda, una kokoto kama nusu.

Fundi_Mkongwe: Basi uzito wa kokoto ndio ulioushusha, na kizuizi cha kurudi nyuma kikaguliwe. Kufuli yako haikuhusika. Kitufe hicho kinakata saketi ya kuendesha tu, umeme bado umefika kwenye paneli. Andika hivi:

1. Waambie waendeshaji na wote walio karibu.
2. Tembeza mkanda hadi uwe mtupu, kisha simamisha.
3. Zima swichi kuu ya konveya hiyo.
4. Kila fundi afunge kufuli yake, ufunguo akae nao mwenyewe. Lebo iwe na jina, tarehe na kazi.
5. Zuia mkanda kwa kibanio, na jiwe la kukazia mkanda litegemezwe.
6. Pima kwa mita penye umeme, kisha kwenye nyaya za mota, fezi kwa fezi na kila fezi na ethi, kisha rudi penye umeme. Mita mbovu nayo husoma sifuri.
7. Bonyeza kuwasha. Usipowaka, rudisha swichi ya kuwashia kwenye kuzima, ndipo uguse.
8. Kumaliza: hesabu watu na zana, rudisha vikinga, toa vibanio, kila mtu atoe kufuli yake, ndipo umeme urudi.

Kipepeo77: Sawa, nimekubali mzigo. Ila nusu mita bado naona umeongeza chumvi.

Chumbageni_Boy: Namba 6 siruhusiwi kufungua paneli. Na fundi umeme akienda na ufunguo wake nyumbani?

MzeeWaKorona: Nipe fyuzi.