Mrejesho: tochi ya kuchaji iliyokuwa inafifia, Mikindani

Niliuliza: "Tochi yangu ya kuchaji inawaka taa ya kijani, lakini nikiiwasha mwanga unafifia mapema. Ninunue betri mpya?"

Wakuu, betri ni nzima. Fundi alipima betri ya lithiamu ikiwa imetoka kwenye chaji: volti 4.15. Hiyo ilionyesha saketi ya kuchaji inafanya kazi, maana lithiamu ikijaa hufika karibu 4.2. Lakini volti za betri isiyobebeshwa mzigo hudanganya, kwa hiyo akawasha tochi na kupima tena. Kwenye ncha za betri zilibaki 4.0; betri iliyochoka ingeshuka sana hapo. Akahamisha waya za mita hadi kwenye bodi ya taa, akakuta 3.2 tu. Volti 0.8 zilikuwa zinapotea njiani!

Mwizi alikuwa springi ya nyuma, imeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari. Aliikwangua kwa msasa laini, akaifuta kwa spiriti, akaivuta kidogo ikaze. Sasa kwenye bodi zinafika 3.9, na nimevua kamba usiku kucha bila tochi kufifia. Wenzangu wa pwani, pimeni tochi ikiwa inawaka kabla ya kununua betri.