Naomba ushauri: kurefusha pateni ya sketi, mshono wa pembeni uunganishwe wapi?

Wakuu, nina pateni ya karatasi ya sketi inayopanuka kidogo kwenda chini. Kutoka nyonga hadi pindo ni sm 40, na upande unatoka nje sm 4. Nataka kuongeza sm 5.

Nimekata katikati ya nyonga na pindo, kwa mstari wa kukingama unaofanya pembe mraba na mstari wa uzi. Nimebandika karatasi chini, nikaurefusha mstari wa uzi kwa rula, kisha nikashusha kipande cha chini sm 5 huku mstari wake ukilala juu ya ule mpya. Hapo uzi umenyooka, sina wasiwasi.

Shida ni pembeni: kwenye pengo mshono unashuka wima, ndipo unatoka nje tena, kwa hiyo una kona.

Je, nipige rula toka nyonga hadi pindo? Nitapunguza milimita 2 juu ya pengo na kuongeza 2 chini yake, upana wa pindo ubaki uleule. Au nifuate mteremko wa awali, pindo liongezeke nusu sentimita kila upande? Kitambaa ni kizito. Nyuma nitafanya vilevile, mishono ilingane.