Sindano ya tezi ya shingo imetoka Bethesda IV, daktari ataka kukata nusu. Tukubali?

BintiMuyeye
Asalaam aleikum. Niko Malindi, naulizia dadangu mkubwa, miaka 44. Ana uvimbe upande wa kulia wa shingo, akimeza mate unapanda na kushuka. Haumuumi. Nanakili ultrasaundi: kinundu cha sm 2.8 × 2.1 × 1.9, kigumu kote hakina maji, cheusi kidogo kuliko tezi, kingo zimenyooka, hakuna vidoa vya chokaa, tezi za limfu ziko sawa. Chini imeandikwa TI-RADS 4. Damu: TSH 1.9.

Sindano ya kwanza ilifanywa hapahapa, ikatoka damu tu, wakaandika Bethesda I. Ya pili tukaenda Mombasa, wakamdunga huku wanaangalia kwenye skrini. Majibu: Bethesda IV. Shemeji kuona nne mbili, amewapigia watu simu mpaka Lamu kwamba mkewe ana saratani hatua ya nne. Daktari wa upasuaji hajasema saratani. Anasema aondolewe upande wa kulia wa tezi. Sasa nisaidieni: kama si saratani, mbona kukata? Na kama ni saratani, mbona nusu?

MpwaniHalisi
Poleni dada. Hiyo ni rovu, mambo ya chumvi isiyo na madini joto. Shangazi yangu Mambrui alikuwa nalo kubwa kama danzi, kaishi nalo mpaka uzeeni. Msikimbilie visu.

Mama Swafiya
Mwaalaikumu salaam. Mimi nilikuwa nacho, lakini changu kilikuwa na maji. Walinivuta maji kwa sindano, kikanywea, baadaye kikarudi kidogo. Siku hizi napigwa picha tu mara moja kwa mwaka. Mwambie dada asiogope sindano, haikuuma kuliko ya kutoa damu.

KakaSilversands
TSH ikiwa sawa maana yake tezi inafanya kazi, kwa hivyo si saratani. Na sindano moja haitoshi kumkata mtu. Rudieni baada ya miezi mitatu, watu wengi hurudia.

Maabara_Kilifi
Nimefanya kazi ya kusoma slaidi miaka kadhaa, nijibu polepole.

Kwanza mtulizeni shemeji. Hizo nne hazihusiani na hatua ya saratani, wala hazihusiani zenyewe kwa zenyewe. TI-RADS ni alama za picha. Kinundu kigumu kimepata 2, weusi kidogo 2, mengine yote sifuri. Jumla 4, na kuanzia alama 4 mpaka 6 huitwa TI-RADS 4. Kazi yake ni kuamua nani adungwe: kundi hilo hudungwa kikifika sm 1.5, na chake ni 2.8. Picha yenyewe haitishi sana. Ya kutisha ni ile yenye kingo zilizochongoka, vidoa vidogo vyeupe vya chokaa, au kinundu kilichosimama, yaani kina chake kinashinda upana. Chake kimelala.

Bethesda ni kitu kingine, ni makundi sita ya majibu ya sindano. I ni seli hazikutosha, II si saratani, VI ni saratani. IV iko katikati: seli za vifuko vya tezi zimejaa na zimejipanga kwa namna inayotia shaka, basi. Kwa wastani, katika waliokatwa wakiwa na majibu hayo, kama 30 kwa kila 100 hukutwa na saratani. Waliobaki hukutwa na uvimbe wa kawaida.

@KakaSilversands, kurudia umesema kweli kwa Bethesda I, ndiyo maana walirudia, na mara nyingi hata kwa III. Kwa IV kurudia hakusaidii, na sababu ni hii: tofauti ya uvimbe salama na saratani ya aina hii haiko ndani ya seli. Iko kwenye ganda lililouzunguka uvimbe. Saratani hulitoboa ganda au huingia kwenye mishipa ya damu. Sindano inachota seli za ndani tu. Ni kama kuchota mchele katikati ya gunia ukataka kujua kama gunia limetoboka. Lazima kinundu chote kitoke, ganda likatwe vipande na kuangaliwa pande zote. Kwa hiyo huo upasuaji kwanza ni kipimo.

Na TSH: ikiwa chini sana ndipo tunapumua, kwa sababu huenda kinundu kinatengeneza homoni chenyewe, na hivyo mara chache huwa saratani. Hao hupigwa picha ya mionzi kabla ya sindano. TSH ya kawaida haikanushi chochote.

KakaSilversands
Sawa, hilo la ganda sikulijua. Lakini si wanaweza kuangalia ganda palepale mgonjwa akiwa mezani, wakiona mbaya waondoe yote?

Maabara_Kilifi
Wanaojaribu wapo. Kwa aina hii hudanganya mara nyingi, maana tundu kwenye ganda laweza kuwa dogo na vipande vya kugandisha haraka ni vichache. Majibu ya kuaminika husubiri siku kadhaa.

MtuWaShela
Mamangu waliondoa tezi yote miaka iliyopita. Usiku wa pili midomo na ncha za vidole zikaanza kumfa ganzi, kumbe kalsiamu imeshuka. Sasa ni vidonge vya thairoksini kila asubuhi kabla ya chai, maisha yake yote. Ningekuwa wewe ningeshukuru wakisema nusu.

Maabara_Kilifi
Ndiyo sababu ya nusu. Vitezi vinavyolinda kalsiamu vimekaa nyuma ya tezi pande zote mbili, na mshipa wa fahamu wa sauti upo kila upande. Ukigusa upande mmoja, wa pili unabaki. Wengi waliobakiwa na nusu hawahitaji vidonge, wengine huhitaji, kwa hiyo TSH ipimwe baada ya wiki sita hivi. Ubaya wake: ikitoka saratani iliyoingia sana kwenye mishipa, atarudi mezani kuondolewa iliyobaki. Ikiwa imetoboa ganda kidogo tu, wengi huachwa hivyo na kufuatiliwa. Kingekuwa kimepita sm 4, au pande zote mbili zina vinundu, wangezungumza yote tangu mwanzo.

BintiMuyeye
Allah awalipe. Shemeji sasa amegeuka, anataka yote itolewe mara moja asirudi tena mezani. Dada ni mwalimu wa madrasa, anaogopea sauti. Na akisubiri mpaka baada ya Ramadhani kuna hatari?

Maabara_Kilifi
Kwa picha kama hiyo, wiki chache hazibadilishi kitu. Sauti ikianza kukwaruza, kumeza kukawa kugumu au uvimbe ukaongezeka ghafla, msingoje. Kabla ya kukatwa ombeni aangaliwe nyuzi za sauti kwa kamera, na mumwambie daktari waziwazi kazi yake. Muulizeni pia tezi hukata ngapi kwa mwaka, si utovu wa adabu. Hilo la nusu au yote ni la dada na daktari wake, shemeji ana maoni yake lakini shingo si yake. Na slaidi za Mombasa ni haki yenu kuziomba, msomaji wa pili azitazame. Nimeona IV ikisomwa III, na III ikisomwa II.

MpwaniHalisi
Na chumvi je?

Maabara_Kilifi
Chumvi haihusiki na hiki, mzee wangu.

BintiMuyeye
Jumatatu naenda kuziomba. Wanatoa slaidi zenyewe au karatasi tu?

Maabara_Kilifi
Slaidi zenyewe. Utasaini. Zifunge vizuri, ni vioo.