Msaada: methali ya kufungia neno la kumuaga mama, tunazika Jumamosi

MwanaVirunga: Ndugu zangu, habari za usiku. Mama yetu ametutoka, mazishi ni Jumamosi hapa Goma. Familia imenipa neno la mwisho, dakika tano kabla ya kwenda makaburini. Mama aliuza maharagwe soko la Virunga tangu kabla ya volkano ya 2002. Nimeandika yote, mwisho ndio unanishinda. Nataka methali moja ikusanye maneno yangu, watu wasihisi nimekariri. Nimefikiria "Akiba haiozi". Mnasemaje?

MamaFuraha_Bukavu: Pole sana mwanangu. Malizia na neno la Mungu. Tulipomzika mume wangu, shemeji alimwaga methali jua likituchoma, mwisho tukawa tunahesabu methali, marehemu tumemsahau.

KadutuBoy: "Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba." Hiyo inaliza kila kilio.

PapaProtokole: Ubaya wake ndio huo, kila kilio. Nashika mikro matangani miaka mingi. Watu wakisikia "mti mkuu" wanaanza kusogeza viti, kwa sababu inamfaa yeyote aliyekufa. Methali husikika ya kukariri ikitua juu ya jambo ambalo msemaji hakuligusa. Mwanangu, katika maneno yako mama anaweka akiba mahali gani?

MwanaVirunga: Hapana mahali, papa. Alijua tu kutunza pesa. Na tayari imechapwa nyuma ya programu, siwezi kubadilisha.

PapaProtokole: Basi wataisoma wakingoja mwili, na ukifika mwisho watakuwa wanakusubiri hapo. Lakini hujanijibu. Pesa zipi?

MwanaVirunga: Sawa. Alishika pesa za likelemba, ule mchango wa zamu wa bamama wa soko. Benki zilikuwa zimefungwa, pesa zikakaa nyumbani. Tangu augue hazijaonekana zote, na kuna mama mmoja zamu yake imepita hajapokea. Nyingine zilienda kwenye dawa. Mama hakuwa mwizi! Ndiyo maana nataka hiyo ya akiba, wajue alikuwa mtu wa namna gani.

Bahati_Lushi: Hao bamama watakaa mstari wa mbele. Sema "Akiba haiozi" uone kama hutaulizwa iko wapi 😂

ShakaTupu: Jamani mnachezewa. Kwanza maharagwe, akabanwa ikawa likelemba, kesho utasikia kuna mume wa pili. Aliyefiwa anapata wapi nafasi ya kufungua uzi? Kama ni mtoto wa sokoni, mama yako alipima kwa nini?

MamaFuraha_Bukavu: Usiku wa kilio ni mrefu, wewe hujafiwa.

MwanaVirunga: Kwa gigozi. Kopo lilibonyea chini, wateja wakalalamika kwamba linapunja. Hakulitupa. Kila akipima anaongeza kiganja juu, hata kwa anayekopa. Lava ilipochoma nyumba yetu alitoka nalo, akaanza upya kwa nusu gunia la mkopo. Umeridhika?

PapaProtokole: Hapo sasa! Mbona hilo hukuliandika? Lisimulie mapema, kubonyea kwake, manung'uniko, kile kiganja, halafu liache uende kwenye mengine. Methali usiidokeze. Ukikaribia mwisho, kunja karatasi uiweke mfukoni, maana anayesoma husikika kuwa anasoma. Waangalie, sema: "Kopo lilibonyea, naye akaongeza kiganja, hata kwa mwenye deni." Vuta pumzi. Kisha "Haba na haba…" na unyamaze. Watamalizia wenyewe. Usitangulize "wahenga walisema", usifafanue baada yake, nenda ukae.

KadutuBoy: Papa, haba na haba ni ya shule ya msingi!

PapaProtokole: Ndiyo maana uwanja mzima utaiitikia. Chukua isiyojulikana, utabaki na kimya, uanze kueleza, na hapo umekwisha. Halafu kibaba ni kipimo, na mama yake alipima maisha yake yote. Ya kwako ya mti ingegusa wapi?

Bahati_Lushi: Lakini mwenye zamu si atasikia "tutakulipa haba na haba"?

PapaProtokole: Anaweza. Kwa hiyo mjomba asimame kabla yako, atangaze kwamba anayedai au kudaiwa na marehemu aje kwa fulani baada ya matanga. Deni likishasemwa na mwingine, methali yako inabaki ya kopo. Asipolisema, sikuahidi kitu.

MwanaVirunga: Mjomba hataki. Anasema ni kumvua mama nguo mbele za watu.

MamaFuraha_Bukavu: Mimi ningekuwa huyo wa zamu, mngenifuata nyumbani kabla ya Jumamosi. Siyo kwa mikro.

PapaProtokole: Yaya Furaha amesema vizuri kunishinda. Ile ya programu iache huko nyuma ya karatasi, usiitamke. Na mwambie anayeongoza korasi asianzishe wimbo mpaka uketi. Hao ndio hula ile nusu ya pili.

ShakaTupu: Mimi bado siamini. Ila hilo kopo, weka picha.

MwanaVirunga: Liko kwa dada, analitumia. Papa, anayeongoza korasi ni huyohuyo mjomba.