"Inafaa tivi yoyote": acheni kutuuzia uongo wa kamera hapa Lamu

Langoni_Juu: Wenye maduka ya vifaa, nawasema ninyi. Mteja anataka kuona wajukuu walio Jeddah kwenye tivi, mwamwambia kamera hii ya USB achomeke tu. Anachomeka, kitaa cha kamera kinawaka, picha haiji. Akiirudisha, mwasema tivi yake mbovu! Kitaa kikiwaka ni umeme umefika, basi. Kwenye tivi nyingi tundu lile ni la kusoma flashi, na ndani hamna kitu cha kuitambua kamera. Zenye Google TV zina nafuu, maana baadhi huwekwa Google Meet, lakini hata hizo hazikubali kamera zote. Na WhatsApp ya tivi haipo, acheni kuwaahidi watu. Mnunuzi, usitoe pesa mpaka Meet ifunguliwe kwenye tivi ya modeli kama yako na uone uso wako.

kijana_shela: Tabu yote ya nini? Rusha kioo cha simu kwenye tivi, piga WhatsApp, kwisha.

Fundi_Mkomani: Hapo umepata nusu, kijana. Picha itapanda kwenye tivi, lakini kamera ni ile ile ya simu, na mara nyingi sauti nayo hubaki kwenye simu. Bibi atakodolea tivi, wa Jeddah waone shavu lake. Ukilazimika, simamisha simu chini kidogo ya kioo cha tivi, katikati.
Kilicho bora ni laptopu. Kamera ichomeke kwenye laptopu, waya wa HDMI uende kwenye tivi, kisha fungua WhatsApp ya kompyuta. Kwenye mipangilio ya maongezi ya WhatsApp hiyo ya kompyuta, chagua maikrofoni ya kamera na spika za tivi. Ukisahau hilo, tivi itakaa kimya na utamlaumu muuzaji bure. Waya wa USB usipite mita 5, zaidi ya hapo kamera hukatika katika maongezi. Wa ng'ambo wakisikia sauti zao zikirudi, punguza tivi na usogeze kamera mbali na spika.

mama_watoto_Malindi: Yangu ya mlangoni ina waifai, inaona hata usiku. Naweza kuipigia kutoka tivi?

Fundi_Mkomani: Hiyo ni ya ulinzi, dada. Hutazamwa kwa programu yake. Meet haiioni.

Langoni_Juu: Na bando? Hilo pia hawasemi.

Fundi_Mkomani: Megabiti 1 kwa sekunde kwenda na 1 kurudi, saa moja hula karibu megabaiti 900. Na nyumba zetu za mawe, kuta nene zile zinameza waifai. Ruta iwe chumba kimoja na laptopu, au vuta waya.

kijana_shela: Ndugu zetu wako Dubai, WhatsApp inaita tu, video haishiki.

Fundi_Mkomani: Kule simu za WhatsApp zimefungwa. Si kamera, si tivi. Jaribuni Meet.

bint_wiyoni: Na Maskati je? Shangazi anasema siku nyingine inashika, siku nyingine haishiki.