Supavaiza amekata "proves" kwa kalamu nyekundu, niweke neno gani?

Dau_la_Malindi: Wana jukwaa, nimekwama. Tasnifu yangu ni ya wavuvi wa Mayungu na masanduku ya barafu. Niliandika "This study proves that ice boxes increase income." Supavaiza amekata "proves", amekata na "increase", pembeni kaandika tu: legeza. Natafuta neno zito ambalo atalikubali. Nimehoji wavuvi 40, si mchezo. Keshokutwa narudisha.

Kijana_Mkomani: Hilo dogo. Mwaga "may" kila sentensi. Mimi niliandika "may possibly suggest" na nikapita.

Mama_Karanga: Samahani wanangu, sanduku kubwa siku hizi shilingi ngapi? Samaki wangu wanaharibika kabla ya alasiri.

Mhariri_Shela: Kijana, hapo umesitasita mara tatu kwa jambo moja. "Suggest" peke yake imeshabeba shaka. Tena kuna mahali shaka haitakiwi kabisa: ulichokihesabu mwenyewe kiseme kavu. Wavuvi wangapi wana sanduku, hiyo haihitaji "may". Shaka inaanza unapotoka kwenye hesabu kwenda kueleza kwa nini. Dau, p ilitoka ngapi?

Dau_la_Malindi: Wenye sanduku wanapata zaidi, tofauti kubwa tu. Mambo ya p yako kwenye kiambatisho. Mimi nauliza neno.

Mhariri_Shela: Na neno linatoka humo humo kwenye kiambatisho, ndugu yangu.

Dau_la_Malindi: Haya basi. p = 0.08. Na fomu zilizojazwa sawasawa ni 23. Lakini mwelekeo unaonekana wazi! Halafu ikisiri nimeshaituma kwenye kongamano ikiwa na "proves", kwa hiyo nataka tasnifu ifanane nayo.

Ustadh_Langoni: Mwanangu, ushahidi ni amana. Asubuhi 40, jioni 23?

Nahodha_Mstaafu: Mimi sijui Kiingereza cha chuo ila diko nalijua. Mwenye sanduku la maana kwetu ni yule yule mwenye boti la mashine. Anafika mbali, anakaa siku mbili, ndipo barafu inamfaa. Wa dau la tanga anarudi mchana, barafu ya nini? Zamani tukienda Ngomeni tulikuwa... basi, hiyo ni hadithi ndefu. Wewe ulikwenda lini?

Dau_la_Malindi: Juni. Nilichukua mapato ya kila siku, mwezi mzima.

Nahodha_Mstaafu: Juni kusi limechachamaa, madau mengi yamelala pwani. Mapato ya kila siku uliyatoa wapi? Jamani, huyu hajafika Mayungu. Kazijaza fomu mwenyewe kibarazani.

Kijana_Mkomani: 😂 Kwa hiyo "proves" ilikuwa inathibitisha hewa. Au ni mwalimu anatupima?

Dau_la_Malindi: Sijabuni kitu! Nilifika Juni, nikawauliza walipata kiasi gani msimu wa kaskazi uliopita, siku kwa siku, wakanitajia kwa kukumbuka. Picha ninazo.

Mhariri_Shela: Kama ni hivyo, kitenzi chako ndicho hicho. Hukuona pesa, uliambiwa, basi ni "reported", si "earned". Iandike hivi: "Fishers with ice boxes reported higher incomes, but the difference was not statistically significant (p = 0.08)." Iko katika wakati uliopita, inahusu hao 23 tu, si wavuvi wote wa Pwani. Usiandike kwamba masanduku hayasaidii: watu 23 ni wachache, tofauti ya kweli inaweza isijitokeze. "Increase" iache kabisa, hata "may increase" isiwe hitimisho lako, maana hoja ya nahodha imebaki pale pale. "May" ipe kazi yake sentensi ya pili: "Engine ownership may partly explain this difference." Hapo msomaji anajua unachoshuku na kwa nini.

Dau_la_Malindi: Sasa nimebaki na nini? Nikiandika "not significant" nimejifelisha mwenyewe. Kuna mtu aliniambia niweke "approached significance".

Mhariri_Shela: Mtahini atakuuliza ilikuwa inatoka upande gani ikikaribia. Na kama mashine uliiuliza kwenye fomu, wenye mashine walinganishe wao kwa wao, utaona kama tofauti inabaki.

Dau_la_Malindi: Niliiuliza, lakini wenye mashine wasio na sanduku ni wawili tu.

Nahodha_Mstaafu: Si nilikwambia?

Ustadh_Langoni: Waandikie wa kongamano leo, waibadilishe ikisiri.

Kijana_Mkomani: Aache tu, ikisiri nani anasoma? Abadilishe siku ya kuwasilisha.

Mhariri_Shela: Zinachapishwa kwenye kijitabu, Kijana. Dau, ibandike hapa tuione nzima.

Dau_la_Malindi: Naibandika usiku. Ina na "clearly" mbili, msinicheke.